Pima wiki kwanza, ndipo upange kusoma

Kazi yangu ni kuwashauri watu wazima waliorudi masomoni. Wazazi wa watoto wadogo huniletea ratiba ileile: kusoma kwa muda wa saa mbili kila usiku, watoto wakishalala. Kwenye karatasi inapendeza. Mama mmoja aliyesomea uhasibu, mwenye mtoto wa miaka 4 na wa miezi 14, naye alikuja na saa zake 14 kwa wiki. Nikamwomba asibadilishe kitu, ila kwa siku saba aandike dakika alizokaa na kitabu kweli. Zikatoka 320, yaani saa 5 na dakika 20.

Lengo tukaliweka chini ya hapo, robo tatu tu: dakika 240. Robo iliyobaki ina wenyewe, homa na meno yanayoota.

Dakika 240 zikawa alfajiri nne za dakika 45, kuanzia saa 11, na vipande sita vya dakika kumi kumi. Alfajiri ni ya jambo jipya na gumu. Vipande, mathalani mtoto anaposinzia mchana, ni vya kujiuliza tu: anafunika daftari na kueleza kwa maneno yake alichosoma juzi, kisha anafunua kuona alichosahau. Kuanza sura mpya kwa dakika kumi ni hasara, maana nusu yake huishia kutafuta ulipoachia.

Kwa hiyo kabla ya kufunga kitabu, hata kilio kikiwa kimeshaanza chumbani, andika mstari mmoja wa hatua inayofuata. "Endelea na urari", yaani kulinganisha jumla za pande mbili za hesabu, haisaidii. Yeye aliandika: "Urari umepishana kwa 54. Inagawanyika kwa 9, huenda nimepindua tarakimu. Anzia leja ya wadai." Kesho yake hakuhitaji kukumbuka chochote, alifungua leja na kukuta 82 imeandikwa 28.

Alfajiri nayo hulipwa kwa usingizi. Ukiamka saa moja mapema bila kulala saa moja mapema, umehamisha uchovu tu, na utaujua pale unaporudia aya moja mara tatu bila kushika kitu. Tena kuna watoto wanaoamka ukiamka (wangu walikuwa hivyo). Usikimbilie kuamka saa 10. Zima kengele utumie mtetemo wa simu chini ya mto, na taa isimulike mlangoni mwao. Wakiamka hata hivyo, asubuhi hiyo imekwenda. Ndiyo maana tulipanga nne na si saba.

Wiki ya ugonjwa, lengo hubaki vipande peke yake, dakika 60, na deni halivuki kwenda wiki ijayo. Ukikosa lengo wiki mbili mfululizo na nyumbani ni wazima, punguza dakika 30. Mama huyo alipunguza mara moja, akafika 210, akakaa hapo hadi mtihani.