Mweusi tii, nywele za njano: jeni moja ya Visiwa vya Solomon

Nimeona picha ya mtoto wa Visiwa vya Solomon, kule bahari ya Pasifiki, mweusi tii halafu nywele njano kabisa. Kapaka dawa, au kuna damu ya Kizungu?

Hapana, kazaliwa nazo. Watu walikuwa wanasema ni jua na maji ya chumvi, wengine samaki wanaokula, wengine mabaharia wa Kizungu waliopita huko zamani. Mwaka 2012 watafiti wakatoa jibu, walichukua mate ya watu 43 wenye nywele za njano na 42 wenye nywele nyeusi, wote wa huko huko visiwani, wakalinganisha vinasaba vyao, na tofauti ikaangukia sehemu moja tu, jeni inaitwa TYRP1. Jeni hii inatengeneza protini inayosaidia kupika ile rangi nyeusi, melanini. Kwa hawa watu herufi moja tu ya jeni imebadilika, basi protini nayo inabadilika kidogo na nywele hazipati weusi wake. Wazungu wenye nywele za njano hawana badiliko hili, zao zimetokana na jeni nyingine, kwa hiyo ile habari ya mabaharia inaishia hapo.

Na ngozi je? Haiguswi sana, inabaki nyeusi kama ya majirani zake, ndiyo maana huyu mtoto si albino.

Mbona baba na mama wote nywele nyeusi, huyu wa njano katokea wapi?

Kila mtu ana nakala mbili za jeni hii, moja ya baba moja ya mama, na nywele za njano zinatokea ukipata nakala mbili zilizobadilika. Ukiwa nayo moja unabaki na nywele nyeusi, ila unaibeba. Sasa wabebaji wawili wakioana, kila mimba ina nafasi moja kati ya nne ya kumpata mtoto wa njano. Visiwani huko kama asilimia 26 ya nakala zote zimebadilika, na kwa kuwa zinahitajika mbili, zidisha 0.26 kwa 0.26 unapata karibu asilimia 7, na kweli wenye nywele hizo ni kama asilimia 5 mpaka 10 ya watu. Wengi wao wakikua nywele zinaanza kuwa nyeusi zaidi, ndiyo maana watoto ndio wanaong'aa sana.

Mwanangu wa miaka miwili, hapa hapa Tanzania, nywele zimeanza kuwa nyekundu nyekundu. Naye anayo hiyo jeni?

Mama, badiliko hili halijaonekana nje ya visiwa vya Pasifiki, na wa kule wanazaliwa nalo, nywele ni nzito na mtoto anacheza vizuri tu. Mtoto aliyekuwa na nywele nyeusi zikageuka, zikawa nyepesi, ukizivuta kidogo zinang'oka, miguu imevimba ukibonyeza panabaki shimo, huyo mfikirie kwashakoo, mpeleke kituo cha afya leo leo.