«Saa 8» si tafsiri salama

Kwa mara nyingine wiki hii nimeletewa hapa Kisumu kikaratasi cha dawa ya malaria kilichoandikwa «dozi ya pili, saa 8», na aliyekitafsiri akashikilia kwamba hajakosea kwa kuwa nane ni nane. Hiyo ndiyo dhana inayonisumbua kuliko zote: kwamba tarakimu ikiwa sahihi, maelezo nayo ni sahihi.

Ukweli ni kwamba kwa msomaji wetu «saa 8» ina maana tatu. Yaweza kuwa muda wa saa nane, yaweza kuwa saa nane ya mchana, na kwa anayetazama simu yaweza kuwa 8:00, ambayo sisi huiita saa mbili. Chukua mtoto wa kilo 12 anayetumia vidonge vya artemeta na lumefantrini, kidonge kimoja kila dozi, dozi sita kwa siku tatu. Mama akimpa ya kwanza Jumatatu saa 2 usiku, ya pili inatakiwa saa 10 alfajiri, na ya tatu Jumanne saa 2 usiku, yaani saa ishirini na nne baada ya ile ya kwanza. Akisoma «saa 8» kuwa ni mchana, ya pili itatolewa saa kumi na nane baada ya ya kwanza, kisha ya tatu itaifuata baada ya saa sita tu. Artemeta haikai mwilini kwa muda mrefu, na ndiyo sababu dozi hizo mbili za mwanzo zimekaribianishwa hivyo.

Wengine hudhani kwamba kuandika «masaa» kunatosha. Kunasaidia katika mazungumzo, lakini mimi sikutegemei kwenye maandishi, kwa sababu wapo wanaosema «masaa nane» wakimaanisha saa ya ukutani. Ninaandika hivi: «Hesabu saa nane tangu ulipompa dozi ya kwanza. Kwa mfano, ukimpa saa 2 usiku, mpe ya pili saa 10 alfajiri.» Kisha ninamwomba mtu ambaye hajawahi kukiona kikaratasi hicho anionyeshe kwenye saa ni lini atampa mtoto dawa, kumwuliza kama ameelewa hakufai, kwa maana kila mtu hujibu ndiyo.

Dhana nyingine ni kwamba «kijiko kimoja» ni kipimo. Kijiko cha chai cha kupimia dawa ni mililita 5 na cha mezani ni 15, kwa hiyo andika mililita na utaje kikombe au bomba la kupimia lililomo ndani ya pakiti.

Na onyo la aliyesahau dozi lisiandikwe «usimeze dozi mara mbili», kwa sababu aliyeagizwa kumeza asubuhi na jioni ataacha ile ya jioni. Andika: «Usimeze dozi mbili kwa pamoja ili kufidia uliyosahau.»