Gari la umeme nyumbani na ule mpaka wa uniti 75

Chukua risiti yako ya mwisho ya Luku. Ukigawa fedha uliyolipa kwa uniti ulizopata, unapata bei halisi ya uniti moja nyumbani kwako, kodi na tozo zikiwa ndani. Kama ni ununuzi wa kwanza wa mwezi, toa kwanza kodi ya jengo, maana hiyo inakatwa humo humo lakini si bei ya umeme.

Wengi watapata moja ya namba mbili. Kwa bei zilizoanza kutumika 2016, nyumba iliyo kwenye kundi la D1, yaani la matumizi madogo, hulipa shilingi 100 kwa uniti hadi uniti 75 kwa mwezi. Ukiongeza VAT asilimia 18, REA asilimia 3 na EWURA asilimia 1, inafika shilingi 122. Nyumba iliyo kwenye T1, yaani kundi la matumizi ya kawaida, hulipa 292, ambayo pamoja na makato hayo ni kama 356. Ndiyo maana elfu kumi ya mtu wa T1 humletea uniti 28 tu. Bei zikibadilika, risiti yako ndiyo itakayokwambia. Njia ya hesabu ni ile ile.

Tuanze na simu, ambayo watu huilaumu bure. Betri ya 5000 mAh hubeba kama wati-saa 19. Chaja hupoteza kiasi kama joto (ishike ikiwa kazini, utalisikia), kwa hiyo tuseme ukutani zinatoka 25. Ukiichaji kutoka sifuri hadi kujaa kila siku kwa siku 30, ni wati-saa 750, yaani robo tatu ya uniti. Kwa D1 ni kama shilingi 92 kwa mwezi, kwa T1 shilingi 267. Familia yenye simu nne hutumia uniti 3. Basi, simu tuziache.

Gari ni habari nyingine. Tuchukue Nissan Leaf ya betri ya kWh 40, yaani uniti 40, iliyotumika Japani. Kwa mwendo wa kawaida, ukihesabu na kinachopotea wakati wa kuchaji, ni salama kukadiria uniti 18 zinazotoka ukutani kwa kila kilomita 100. Mwenye gari anatembea kilomita 40 kwa siku, siku 25 za mwezi. Hizo ni kilomita 1,000, na uniti 180.

Hapa ndipo watu wanapokosea. Mtu yuko D1, nyumba yake inatumia uniti 60 kwa mwezi, anazilipia shilingi 7,320. Anazidisha 180 kwa 122, anapata 21,960, anafurahi. Lakini 60 na 180 ni 240, na mpaka wa D1 ni 75. Kila uniti inayovuka mpaka huo akiwa bado D1 inauzwa 350 kabla ya kodi na tozo, sawa na 427 baada yake. Matumizi yakiendelea hivyo, atahamishiwa T1, na hapo uniti zote 240 zitakuwa za shilingi 356: jumla 85,440.

Sasa toa ile 7,320 aliyokuwa akilipa. Gari limemwongezea 78,120 kwa mwezi, zaidi ya mara tatu na nusu ya alichotarajia. Katika fedha hiyo, 64,080 ni umeme ulioingia kwenye gari. Zilizobaki, 14,040, ni friji, taa na televisheni zile zile za jana, zilizopanda bei kwa sababu gari limeitoa nyumba D1. Aliyekuwa T1 tangu mwanzo haguswi na hili. Kwake nyongeza ni 64,080 tu. Kwa hiyo kabla hujanunua gari, jua kwanza uko kundi gani.

Makadirio yanaweza kupimwa. Soma mita kabla ya kuchomeka gari, soma tena likishajaa, kisha toa kile ambacho nyumba hutumia saa kama hizo bila gari. Baada ya kilomita 40 utegemee uniti 7 hivi. Kwa soketi ya kawaida, gari likivuta ampia 10, ni uniti 2.3 kwa saa, kwa hiyo ni zaidi kidogo ya saa tatu. Mita yenye maandishi 1000 imp/kWh huwaka taa yake ndogo mara elfu moja kwa kila uniti. Vitu vingine vikiwa vimezimwa, utahesabu miwako kama 38 kwa dakika.

Ukiona uniti 9 au 10 kila mara, angalia upepo wa matairi, kiyoyozi na mwendo wako barabarani. Plagi nayo uiguse baada ya nusu saa. Ikiwa ya moto, zima swichi na umwite fundi umeme aliwekee gari waya na soketi yake peke yake. Kwa kuchaji gari, ekstensheni usiitumie kabisa.