Je, wajua? Mato ya Lamu na matso ya Malindi

"Mimi wa Lamu, nasema mato. Shuleni nilifunzwa macho. Majirani zangu Wagiriama hapa Malindi wasema matso. Neno la asili ni la nani?"

Ni la wote, na hakuna aliyeazima kwa mwenzake. Ni neno moja la urithi ambalo sauti yake ya katikati imeshika njia tofauti.

Siku moja ufuoni Malindi mwanangu aliingiwa na mchanga jichoni. Nikapiga kelele "mtanga!", na mama mmoja wa Kigiriama aliyekuwa karibu akasema "mutsanga". Tangu hapo nikaanza kuyapanga. Kitwa chetu cha Lamu ni kitswa kwao, kichwa kwa Kiswahili sanifu. Kuteka kwetu ni kutseka, yaani kucheka. Penye t ya Kiamu na ch ya sanifu, Kigiriama kina ts. Neno moja likifanana na jingine, huenda ni la kuazima au imesadifu tu. Sauti zikikutana kwa mpango uleule neno baada ya neno, hapo pana undugu. Wanaisimu wameziweka lugha hizi, pamoja na Kipokomo na Kikomoro, katika kundi la Sabaki, kwa jina la mto unaoingia baharini kaskazini kidogo ya mji wa Malindi. Wakomoro nao wasema matso.

Sasa angalia moto. Nao una t, lakini Mgiriama hasemi motso, husema moho. Tatu ni hahu, mtoto ni muhoho. Kumbe t tunazoandika Lamu zina asili mbili: moja ni t ya kale, iliyogeuka h kwa Wagiriama, na nyingine ni ile ya mato. Kuzitenganisha, uliza neno hilo Unguja wanalitamkaje. Wakisema ch, tarajia ts. Wakibaki na t, tarajia h.

Kipimo hiki kina mipaka. Mtu kwa Kigiriama ni mutu, si muhu, kwa sababu zamani mbele ya t palikuwa na n, na n hiyo iliikinga isigeuke. Ingali inasikika katika umuntu wa Kizulu.

Tano ndiyo iliyonishughulisha zaidi. Unguja wana t, kwa hiyo ungetarajia hano, lakini Kigiriama ni tsano, kana kwamba ni ndugu wa matso. Nani amekosea? Nilipata jibu mbali kabisa na pwani yetu. Mzulu macho huyaita amehlo, na tano kwake ni hlanu: hl ileile mara mbili, ilhali tatu ni thathu. Kwa hiyo tano ni ya ukoo wa macho, na Kigiriama kimeitunza alama ambayo Kiswahili kimeipoteza.