Mtu mweupe hivi, hapana Mwafrika kamili?

«Bazee, mtu mwenye ngozi ya njano vile, si lazima kuko muzungu mu familia yake? Mwafrika wa kweli ni mweusi tii.»

Hapana ndugu yangu. Hapa Goma tu, simama kwa parkingi ya Birere utaona rangi ngapi, na bote ni bana ba hapa hapa. Mu 2017 wanasayansi balitoa utafiti, balipima ngozi ya batu 2,092 ba Etiopia, Tanzania na Botswana kwa mashini ya mwanga, banaiweka upande wa ndani wa mkono kwenye jua haifike sana. Wenye weusi zaidi balikuwa bafugaji Banilo ba Afrika mashariki, wenye weupe zaidi Basan ba Botswana, wale bako mbali na ikweta kwenye jua haichome sana kama huku.

Njo kuko jeni moja inaitwa MFSD12, ikifanya kazi kidogo ngozi inakuwa nyeusi zaidi, na ziko zingine zinavuta kwa weupe. Kitu kilinishangaza sana: nyingi ya zile aina za jeni, za weusi na za weupe, zilianzaka miaka zaidi ya 300,000 nyuma, kumaanisha zilikuwa Afrika mbele hata ya Ulaya kupata batu kama siye. Kweli, moja ya weupe, ya jeni SLC24A5, ililetwaka na batu ba inje miaka elfu kadhaa nyuma, lakini ni moja tu kati ya nyingi. Kwa hiyo usiangalie uso wa mtoto wa jirani ukaanza kumutafutia babu muzungu.