PWM haipunguzi volti: dhana potofu kuhusu LED na mota ndogo

Dhana: `analogWrite(9, 128)` hutoa volti 2.5, kwa hiyo LED haihitaji rezista.

Ukipima kwa multimita utaona kweli 2.5, lakini huo ni wastani tu. Pini 9 ya Arduino Uno inawaka kwa volti 5 kamili na kuzimika kabisa, mara 490 hivi kwa sekunde. Hiyo ndiyo PWM: namba 128 inabadilisha tu muda wa kuwaka. Kila inapowaka, LED isiyo na rezista inavuta umeme mwingi kupita kiasi, hata ukiandika 20. LED nyekundu hutumia volti 2 hivi, zinabaki 3. Rezista ya omu 220 inaruhusu takriban miliampea 14, na hapo LED na pini vyote viko salama.

Dhana: 128 ni nusu ya mwanga.

Ni nusu ya muda. Macho yetu huhisi zaidi mabadiliko ya mwanga hafifu, ndiyo maana LED kwenye 128 huonekana karibu sawa na iliyowashwa yote. Kwa nusu inayoonekana nusu, anza na 55.

Dhana: mota ndogo inaweza kuendeshwa moja kwa moja na pini.

Hili ndilo linaloua bodi. Kikomo cha juu kabisa cha pini ni miliampea 40, na mota ya kuchezea huvuta mamia inapoanza kuzunguka. Tumia mosfeti IRLZ44N kama swichi ya mota. Usichukue IRFZ44N, ingawa jina linafanana: volti 5 haziifungui vizuri, nayo huchemka.

Pini 9 inapita kwenye omu 220 hadi geti. Rezista ya kiloomu 10 inatoka geti kwenda ardhi, ili mota isijiwashe yenyewe bodi inapoanza. Sosi iende ardhi, dreni kwenye waya hasi wa mota, na waya chanya kwenye betri ya volti 6. Ardhi ya betri na ya Arduino lazima ziungane. Zisipoungana, mota hugoma au huzunguka ovyo. Funga dayodi 1N5819 sambamba na mota, upande wenye mstari ukielekea chanya. Bila hiyo, kila pigo likikatika mota inarudisha volti kubwa zinazoweza kuua mosfeti.

Dhana: mota ikilia bila kuzunguka, imekufa.

Mara nyingi haina nguvu ya kushinda msuguano wa kuanzia. Isukume kwanza, kisha ishushe:

```
analogWrite(9, 255);
delay(100);
analogWrite(9, 90);
```

Ikisimama tena kwenye 90, panda kidogo kidogo. Kila mota ina kiwango chake cha chini, nacho hupanda ukiipa mzigo. Mlio wenyewe ni zile hezi 490, ambazo sikio linazisikia. Ukiweka mstari huu ndani ya `setup()`, pini 9 na 10 hupanda hadi kilohezi 31 hivi na mlio hupotea:

```
TCCR1B = (TCCR1B & 0b11111000) | 0x01;
```

Usijaribu mbinu hiyo kwenye pini 5 na 6: taima yake ndiyo inayohesabu `millis()` na `delay()`, na muda wote wa programu utavurugika.