Dabo Akirushwa, Uso Unaouona ni wa Nani?

Sisi wa filamu hutumia kompyuta kumvisha uso wa mwigizaji dabo wake, yaani mtu anayefanya matukio ya hatari badala yake. Kila klipu ya nyuma ya kamera inayoonyesha kazi hiyo ikiwekwa mtandaoni, hakosi mtu wa kuandika: "Hawa na wale matapeli wa video feki ni kitu kimoja, tofauti ni bajeti." Nimechoka kulijibu hili kwa mistari miwili, basi leo nalijibu kwa urefu.

Kuna jambo nalikubali mapema tusipoteze muda: kinachofanya kazi ndani ya kompyuta kinaweza kuwa kilekile. Programu hulishwa maelfu ya picha za nyuso mbili. Inajifunza yale yanayofanywa na nyuso zote, kama kufumba jicho, kupanua kinywa na kugeuka, kisha inajifunza kumchora kila mmoja kivyake. Unailetea uso wa dabo, unaiagiza iuchore kama wa mwigizaji. Ukitafuta tofauti humo, hutaipata.

Tuchukue shoti moja. Mhusika anavuka River Road usiku mbio, matatu inamgonga, anabingirika juu ya boneti na kuangukia upande wa kamera. Ni sekunde 4 kwa fremu 24 kila sekunde, yaani fremu 96. Anayegongwa ni dabo, na gari linakwenda kwa mwendo mdogo uliofanyiwa mazoezi. Katika hizo 96, tuseme uso unaonekana wazi kwenye fremu 40. Zilizobaki ni kisogo, nywele na giza. Kazi ya kwanza ni kumuuliza mwongozaji kama kweli anazihitaji hizo 40. Wigi nzuri na kamera iliyosogezwa hatua mbili kushoto ni rahisi kuliko siku nyingi za kompyuta.

Akisema anazihitaji, dabo achaguliwe kwa mifupa. Kwa kawaida kinachobadilishwa ni kuanzia nyusi hadi kidevu. Masikio, shingo, upana wa taya na mstari wa nywele hubaki vya dabo. Dabo mwenye taya pana kuliko ya mwigizaji atakupa mtu wa tatu ambaye hakuna aliyemwajiri. Mekapu nayo ifananishe rangi ya shingo, maana mpaka wa rangi chini ya taya ndio hufichua kazi mbovu kabla ya kitu kingine chochote.

Mwigizaji naye aketi kitini mbele ya kamera, taa zikiwa zimepangwa kama za barabarani: ya manjano kutoka upande mmoja, nyeupe ya gari ikimjia kutoka chini. Ageuze kichwa polepole pande zote, alale chali, aseme maneno, apige mayowe, afumbe macho. Dakika 10 zinakupa fremu 14,400. Kuna wanaodhani mahojiano yake ya televisheni yanatosha. Hayatoshi. Hakuna mtu anayehojiwa akiwa kichwa chini juu ya boneti, kwa hiyo programu haijawahi kuona upande wa chini wa kidevu chake. Isichokiona inakibuni, na uso wa ubavuni unageuka uji.

Sasa nifike panaponiudhi. Watu hudhani uso "umebandikwa" kama stika. Sura ni ya mwigizaji, ndiyo, lakini kila msuli unaocheza ni wa dabo. Dabo akikaza meno boneti inapomgusa, mwigizaji kwenye skrini anakaza meno. Na dabo stadi sekunde ile hana hofu usoni: anatazama mahali atakapoangukia. Unapata uso wa nyota wenye macho ya fundi anayepima mbao. Mwongozaji analalamika kwamba kompyuta imeua hisia, ilhali kompyuta imenakili kwa uaminifu kabisa. Dawa ni kumwomba dabo aigize hofu pale usalama unaporuhusu, au kwa zile fremu 12 hivi za mgongano kuiacha programu na kubandika kwa mkono uso wa mwigizaji uliorekodiwa kitini. Huo ndio mtindo wa zamani. Katika Jurassic Park ya 1993, uso wa mwigizaji mtoto uliwekwa juu ya wa dabo aliyetazama kamera kwa bahati mbaya, na hapakuwa na programu ya kujifunza chochote.

Mambo ya ukungu wa mwendo na vitu vinavyopita mbele ya uso nayapitia haraka. Kila fremu ya shoti hii imepokea mwanga kwa sehemu 1 ya 48 ya sekunde, kwa hiyo kichwa kinachorushwa kimefifia kingo. Uso mkali juu ya shingo iliyofifia huonekana hata kwa asiyejua kwa nini anahisi vibaya. Urudishie ukungu. Mkono ukipita mbele ya mdomo, chora mpaka wake fremu kwa fremu, ama utaona midomo juu ya vidole.

Kama misuli ni ya mmoja na sura ya mwingine, ridhaa zinazohitajika ni mbili. Hapa ndipo matapeli wanapotuacha, wala si kwenye bajeti. Sheria ya Kulinda Data ya Kenya ya 2019 inataka ridhaa iwe wazi, ya hiari, mahususi, na ya mtu aliyeelezwa. (Katika tafsiri yake ya data ya kibayometriki imetaja hata umbo la ndewe, kile kiungo ambacho sisi tunamwachia dabo.) Marekani, mkataba wa 2023 uliomaliza mgomo wa chama cha waigizaji cha SAG-AFTRA uliwataka watayarishaji waeleze nakala ya kidijitali ya mwigizaji itatumika vipi. Sentensi ya "haki zote, milele, ulimwenguni kote" haielezi chochote. Fomu itaje namba ya shoti, ukurasa wa skripti, picha zitakazotumika kufunzia, na tarehe ya kufuta. Bango au msimu wa pili ni sahihi mpya. Fomu ya dabo iseme kwamba uso wake utafunikwa, mienendo yake ya uso itatumika, na jina lake litaandikwa mwishoni.

"Lakini mtazamaji bado anadanganywa!" Anadanganywa kuhusu nini? Aliyelipia tiketi anajua kwamba mhusika hakugongwa. Aliyetumiwa video ya mtu maarufu akisifu mpango wa kuvuna pesa anaambiwa kwamba maneno yale yalisemwa, naye atatoa pesa kwa sababu hiyo. Tena mara nyingi video hiyo huwa mbovu makusudi: ndogo, imebanwa, imefifia, kwa sababu kasoro zote nilizotaja hujificha humo. Ubora si kipimo cha uhalali.

Ila ridhaa mbili hazitusafishi kwa kila jambo. Prodyuza akiitoa ile shoti kama tangazo na kusema mwigizaji amefanya mwenyewe bila dabo, huo ni uongo, hata kama fomu zote zimetiwa sahihi. Shoti hiyohiyo ikikatwa, ikatiwa tarehe pembeni na kusambazwa kama ajali ya kweli ya River Road, imekuwa video ya kudanganya bila pikseli moja kubadilishwa. Wenzangu kadhaa hawapendi nikisema hivi.

Lisilonipa raha ni kujiondoa. Sheria inamruhusu mtu kuondoa ridhaa yake, na yaliyofanyika kabla yanabaki halali. Sawa, zile fremu 40 zibaki. Je, faili la programu iliyokwisha kuujua uso wake? Huwezi kulisahaulisha uso mmoja kwa urahisi, unalifuta lote. Na kufuta kwenye mashine ya kazi hakugusi nakala ya akiba, wala ile aliyoondoka nayo mhariri aliyeajiriwa kwa mkataba ili amalizie nyumbani. Ndiyo maana naomba fomu itaje kila diski kwa namba yake, na anayeifuta atie sahihi mbele ya mwakilishi wa mwigizaji.